Karibu ya Kweli na Karibu ya Adabu: Niliyojifunza Kuhusu Taarofu Nikiwa Iran

Nilikwenda Iran kusoma shahada ya uzamili, na kama ilivyo kwa wanafunzi wengi wa kigeni huko, nilianza kwa kujifunza Kiajemi katika mji wa Qazvin, ulio kilomita 150 hivi kaskazini-magharibi mwa Tehran, kabla ya kuhamia Tehran kwa masomo yenyewe. Sarufi haikunisumbua sana, na maneno mengi yenye asili ya Kiarabu nilikuwa nimeshayazoea katika Kiswahili. Kilichonichosha ni kitu kingine kabisa. Nilikuwa naelewa kila neno ninaloambiwa, ila sijui kama anayeniambia analikusudia. Jirani akinikaribisha ndani, muuza mkate akikataa pesa yangu, dereva akisema safari ile ni zawadi, nilisimama nikiwaza nijibu nini, na kila jibu lilionekana kuwa na hatari yake.

Utaratibu huo Wairani wanauita taarofu. Mtu hutoa kitu, huduma au mwaliko, anayepewa hukataa kwa unyenyekevu, mtoaji husisitiza, anayepewa hukataa tena, na ni katika duru hizo mbili au tatu ndipo inapobainika kama lililosemwa lilikuwa heshima tu au lilikuwa nia. Sisi wa pwani tunafanana nao kidogo, kwa kuwa mtu anayekula humwambia apitaye "karibu," naye apitaye hujibu "starehe" na kuendelea na safari yake bila yeyote kumlaumu mwenzake. Kufanana huko ndiko kulikonidanganya nikadhani nitaweza. Kwetu mazungumzo yale huishia kwenye jibu moja, na hayahusu sana fedha. Kwao yanaendelea, na yanaingia katika nauli, kodi ya nyumba, dawa kwa mfamasia, na hata nani atangulie kuingia kwenye lifti.

Nianze na fedha, kwa sababu hapo kanuni ni nyepesi na mtu anaweza kuishika siku ya kwanza. Ukimuuliza dereva wa teksi nauli, au ukimpa muuza duka kadi yako ya benki, kuna uwezekano mkubwa atakwambia "ghabeli nadare," maana yake kwamba kitu hicho ni kidogo mno mbele ya heshima yako, hakistahili kulipiwa. Mwenzangu wa chumbani, kijana kutoka Bujumbura mwenye moyo safi sana, alimwamini dereva mmoja tukiwa bado wageni Qazvin. Alimshukuru kwa mikono miwili, akamwombea dua, akashuka. Dereva alibaki ameshika usukani akitazama mbele, kisha akamwita kwa sauti ya chini na kumtajia nauli. Hakuna aliyemkasirikia mwenziwe, lakini wote wawili waliona haya, na yule kijana kwa muda mrefu alikuwa akienda chuoni kwa miguu ili asirudie mkasa ule.

Anayeishi kwa kuuza anapokwambia usilipe, chukulia kwamba anakuheshimu, kisha lipa. Jibu linalotosha ni kusema "khahesh mikonam," yaani tafadhali, huku pesa ikiwa imenyooshwa mbele yake. Kwa kawaida mara ya pili au ya tatu atataja bei. Hapo pia sikiliza vizuri, kwa sababu bei rasmi huandikwa kwa riali, lakini watu husema kwa tomani, na tomani moja ni riali 10; tena huacha neno "elfu." Dereva akisema "bist," yaani ishirini, anakusudia tomani 20,000, ambazo ni riali 200,000. Mgeni ambaye amekwishachanganyikiwa na taarofu huchanganyikiwa mara ya pili kwenye sifuri, akatoa noti ndogo mno au kubwa mno.

Tazama pia mikono, kwa kuwa mikono haina taarofu. Muuza duka anayesema "ghabeli nadare" mara nyingi ameshashika mashine ya kadi na kidole kiko kwenye namba. Yule aliyekusudia kweli kukupa, na wapo, hasa wazee wanaomwona mgeni wa mbali, hufunga droo ya pesa, huweka mkono kifuani, na ukimwekea noti mezani huichukua na kuirudisha kiganjani mwako. Mzee mmoja muuza sohani mjini Qom, ile peremende ngumu ya zafarani na pistachio wanayoichukua mahujaji, alinifanyia hivyo, na nilipoona noti imerudi mkononi kwa mara ya tatu nilielewa kwamba kuendelea kubishana kungekuwa kumnyima thawabu yake.

Mialiko ndiyo migumu, na ndiyo iliyoniumiza zaidi. Fikiria mwanafunzi aliye mbali na kwao, majira ya baridi, ambaye chakula chake cha usiku ni mkate na jibini, anakaribishwa kwenye nyumba yenye harufu ya wali wa zafarani, na inampasa aseme hapana. Nilikuwa nikikataa huku tumbo linanguruma, kisha nikirudi bwenini nikijiuliza kama nimeonyesha adabu au nimeipoteza nafasi ya kupata jamaa katika nchi ya watu. Nilitafuta kanuni. Niliambiwa na wengi kwamba mtu hukataa mara mbili na kukubali ya tatu. Kanuni hiyo ina ukweli, lakini haitoshi, kwa sababu kuna watu watakaokusisitiza mara nne bila kuwa na chakula ndani, na kuna wengine watakaonyamaza baada ya mara mbili wakidhani kweli huwezi kuja.

Nililokuja kulitambua ni kwamba maneno ya mwaliko wa heshima na ya mwaliko wa kweli ni yale yale, na sura ni ile ile. Tofauti iko katika kile kinachoongezwa baada ya kukataa. Mwaliko wa heshima ukikataliwa huongezewa mapambo. Mwaliko wa kweli ukikataliwa huongezewa habari: siku, saa, mahali, nani anapika, utafikaje.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja wa Tehran alinipa mifano yote miwili katika juma moja, na hadi leo naitumia kuwafundisha wageni. Jioni moja alinipa lifti kwa gari lake, na kwa kuwa kwao kulikuwa njiani, alisimama kwanza mbele ya nyumba yao kumshushia mama yake mizigo. Aliporudi akaniambia, "Karibu juu, ule nasi chakula cha usiku." Nikasema sitaki kuwasumbua. Akasema, "Usumbufu gani? Nyumba ni yako." Nikamshukuru, nikasema labda siku nyingine. Akasema, "Unaniaibisha kwa kweli, familia nzima itafurahi." Yalikuwa maneno mazuri, na sina shaka kwamba aliyasema kwa mapenzi. Lakini injini ya gari ilikuwa inanguruma muda wote, mkono wake ulikuwa kwenye gia, na katika mara tatu zile hakuna hata jambo moja jipya nililoambiwa kuhusu chakula hicho. Nilipokataa mara ya tatu akasema, "Basi siku nyingine inshallah," akaondoa gari kwa wepesi.

Siku chache baadaye tukiwa maktaba alisema, "Ijumaa hii uje kwetu." Nikajibu vile vile, kwamba nitawasumbua. Safari hii akasema, "Mama anapika ghorme sabzi, na ameniambia nikuulize kama unakula nyama ya kondoo." Nikasema Ijumaa ni siku yenu ya mapumziko, mnahitaji kukaa wenyewe. Akasema, "Kaka yangu na mkewe wanakuja pia. Wewe panda metro mpaka Tajrish, kituo cha mwisho cha njia ya kwanza, saa sita na nusu mchana. Nitakusubiri nje ya mlango wa kituo." Kila sababu niliyoitoa aliijibu kwa mpango. Hapo nilikubali, nikamwambia nitakuja kwa heshima kubwa, na usiku wa kuamkia siku hiyo alinitumia ujumbe kunikumbusha saa. Ujumbe huo wa siku moja kabla ni alama nyingine kubwa. Kama haukuja na wewe una wasiwasi, andika wewe, useme kwamba usingependa kuwasumbua kesho kama wana shughuli. Anayekusudia atakujibu papo hapo na kutaja saa tena; ambaye hakukusudia umempa mlango wa kutokea bila aibu.

Wairani wenyewe wanaujua mwaliko mtupu na wana jina lake. Huuita taarofu ya Shah Abdul-Adhim, kwa jina la kaburi maarufu linalozuriwa lililoko Rey, kusini mwa Tehran, ambako kwa masimulizi yao wenyeji walikuwa wakimkaribisha kwa bidii mgeni ambaye wanajua tayari yuko safarini kurudi mjini. Kwa hiyo usidhani kwamba mgeni peke yake ndiye anayepata tabu. Nimewahi kuwaona watu wazima wawili wa Tehran, ndugu wa karibu, wakijadiliana ndani ya gari kama shangazi yao alikuwa amewaalika kweli au la, na hoja walizotoa zilikuwa hizi hizi: je, alitaja siku? Je, alipiga simu tena?

Ukienda, usiende mikono mitupu. Sanduku la vitamu kutoka duka la shirini au shada la maua ndilo linalotarajiwa, na kwa mwanafunzi gharama hiyo inauma, kwa hiyo uitenge kwenye bajeti ya mwezi kama unavyotenga nauli. Mwenyeji atasema kwa nini umejitaabisha, na mara nyingi atauweka mzigo wako pembeni bila kuufungua. Mwanzoni jambo hilo lilinihuzunisha, kwa sababu nilikuwa nimenunua gazi nzuri, peremende ya Isfahani, kwa pesa niliyojinyima. Baadaye nilielewa kwamba kufungua zawadi mbele ya mgeni kungeonekana kama kuipima.

Mezani mambo hugeuka, na hapa wageni wengi hawajatayarishwa. Baada ya kujifunza kwamba karibu ya mwenyeji huenda ni adabu, mtu husahau kwamba hata hapana yake mwenyewe itachukuliwa kuwa adabu. Ukisema umeshiba, mama wa nyumba atasikia "nina haya, niongeze." Atachota wali, ataweka juu yake kipande kikubwa cha ukoko, ambao kwao huitwa tahdigi na hupewa mgeni kwanza, na sahani itajaa upya. Kula haraka na kuimaliza sahani ni kuomba nyingine. Dawa niliyoipata kwa kuwatazama wageni wa Kiirani wenyewe ni kupokea kidogo mara ya kwanza, kula polepole, kuacha kiasi sahanini, na kukisifu chakula kwa jina lake huku kijiko na uma vimelazwa pamoja. Kisha useme "dastetun dard nakone," dua ya kwamba mikono iliyopika isiumwe. Sifa humtuliza mwenyeji kuliko kukataa, kwa sababu anachokihofia ni kwamba chakula hakikukupendeza.

Lakini kama kweli huwezi kula kitu fulani, kwa ugonjwa au kwa mzio, usingoje mezani. Mwambie aliyekualika mapema, kwa sababu iliyo wazi, na useme mara moja bila kulegeza. Hapana isiyo na sababu ni taarofu. Hapana yenye sababu huaminiwa.  Kwa sababu hiyo hiyo, usitunge sababu ya uongo, kwa maana itakumbukwa na utaulizwa habari za tumbo lako miezi sita mfululizo.

Usikisifu sana kitu kilichomo ndani ya nyumba. Ukiisifu saa ya ukutani, mwenyeji anaweza kusema "pishkesh," kwamba ni yako, ichukue. Jibu ni kwamba inaipamba nyumba yake na inamfaa yeye, na mazungumzo yaende kwingine. Kuondoka nako kuna ngazi zake. Kutamka kwamba unapunguza usumbufu, ukiwa bado umekaa, ni mwanzo tu. Utaambiwa ndiyo kwanza umefika, matunda yataletwa tena, kisha utaaga mara nyingine ukiwa umesimama, na tena mlangoni. Nilikuja kuzoea kuanza kuaga nusu saa kabla ya wakati ninaotaka kuwa nje, hasa kama treni za metro zinakaribia kusita.

Kuna chakula kimoja ambacho taarofu haikihusu. Mwezi wa Muharram, na katika siku nyingine za nadhiri, watu hupika kwa masufuria makubwa na kugawa barabarani au mlango kwa mlango, huitwa nazri. Jirani akikuletea bakuli la sholezardi, ule wali mtamu wa zafarani wenye maandishi ya mdalasini juu yake, lipokee kwa mikono miwili mara ya kwanza na umwombee nadhiri yake ikubaliwe. Ukikataa, unakataa fungu la nadhiri ya mtu, na utamwona amesimama hajui aseme nini. Bakuli likirudi, lirudi na kitu ndani yake, hata ikiwa ni vipande vya nabati, yaani sukari ya mawe.

Mahali ambapo sikubali kabisa mtu aridhike na maneno matamu ni kwenye mkataba wa nyumba. Tehran mpangaji kwa kawaida huweka rahni, fedha nyingi zinazokaa kwa mwenye nyumba mpaka mwisho wa mkataba, na hulipa kodi ya kila mwezi juu yake. Ofisini kwa dalali mwenye nyumba atasema nyumba ni yako, kodi ikichelewa si neno, na hita ikiharibika usiitaje hata kidogo, yeye yupo. Wenzangu waliochukua ahadi hizo kama zilivyo walijikuta Januari, theluji iko nje, wakibishana kuhusu nani analipia fundi. Mbinu ni ile ile ya mwaliko: pokea heshima kwa heshima, kisha omba habari. "Nashukuru sana kwa wema wako, basi naomba tuandike hapa kwamba matengenezo ya hita ni ya mwenye nyumba." Aliyekusudia ataandika. Ambaye hakukusudia atarudia kwamba baina yenu hakuna haja ya karatasi, na hapo umejua unachokitia saini.

Upande wa pili wa haya yote ni kwamba wewe pia utatoa taarofu, na lazima uwe tayari kuitimiza. Ukitoa biskuti ndani ya teksi ya kuchangia, unapaswa kumnyooshea kila abiria kabla ya kula, na wengi watakataa. Lakini wana methali isemayo kwamba taarofu huenda ikaja na huenda isije, yaani mwenzako ana haki ya kukubali. Kwa hiyo usiseme mezani mkahawani "leo wote ni wageni wangu" kama mfukoni huna bili ya watu wote. Atakayeipigania bili yupo, lakini asipokuwepo hutaweza kurudi nyuma.

Kuna njia ya kukata mkanganyiko, nayo ni kuuliza "bi taarof?" yaani bila taarofu, kweli kabisa? Inasaidia kwa wa rika lako na marafiki waliokwisha kuwa karibu, wale ambao huwaambia wenzao kwamba baina yetu hatuna rudarbasti, ile haya inayomfunga mtu asiweze kusema hapana. Kwa mzee au mwalimu haina nguvu, kwa kuwa yeye atajibu kwamba bila shaka hana taarofu, na jibu hilo nalo ni taarofu. Kwa watu wa namna hiyo nilikuwa nikimuuliza mtu wa tatu, na mara nyingi alikuwa mtoto wao mkubwa. Nilikuwa namwambia, "Baba amenikaribisha Alhamisi, mna wageni wengine?" Swali hilo halimwaibishi yeyote, na jibu lake lilikuwa sahihi kila mara.

Familia ile ya Tajrish ilinialika tena na tena, na ikanilazimu kurudisha. Nilipowaambia waje bwenini kula pilau, walikataa kwa maneno yale yale niliyokuwa nikiyasema mimi, kwamba mimi ni mwanafunzi, nisijisumbue. Mara ya pili niliwaambia nyama nimeshainunua. Mara ya tatu nikawaambia jiko la ghorofa ya pili nimeliombea ruhusa Ijumaa kuanzia saa nne asubuhi, chakula kitakuwa tayari saa saba, na mlinzi wa mlangoni ameshapewa majina yao. Mama akauliza kama pilau yetu ina pilipili nyingi, kwa sababu mumewe ana vidonda vya tumbo. Nikajua wanakuja.